Tasnifu Inahitaji Alama Ngapi?

Ikifika Juni, Waafrika Mashariki wanaosoma shahada ya uzamili Uingereza huwa wana swali moja vichwani. Mitihani imekwisha, kozi za darasani zimeshasahihishwa, alama ziko kwenye mfumo wa chuo, na kazi iliyobaki ni tasnifu peke yake. Mtu anazitazama alama zake, hapa 61, pale 72, kule 68, na anajua kwamba ili aandikiwe distinksheni kwenye cheti wastani wake wa mwisho lazima ufike 70. Sasa hiyo tasnifu impe ngapi?

Kwa upande wa hesabu, swali hili halimzidi mtoto wa darasa la saba. Hata hivyo watu wazima wenye digrii zao hulikosea, na hulikosea kwa namna mbili. Wengine wanachukua wastani usio sahihi tangu mwanzo. Wengine wanakokotoa vizuri kabisa, lakini kwa kanuni ambayo si ya chuo chao. Kosa la pili ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu anayelifanya anaamini hesabu yake haina shida. Na kweli haina.

Tuanze na mgawanyo wenyewe. Shahada ya uzamili ya kozi na tasnifu nchini Uingereza kwa kawaida ina krediti 180. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za masomo, ukijumlisha darasa, kusoma mwenyewe na kuandika. Mpangilio ulioenea sana ni krediti 120 za kozi na krediti 60 za tasnifu. Maana yake tasnifu moja ina uzito wa theluthi nzima ya shahada, na chuo kinatarajia uipe saa 600. Ukianza mwanzoni mwa Juni na kukabidhi katikati ya Septemba, hizo ni kama wiki 15 za kazi, saa 40 kila wiki. Alama ya kufaulu kwa kawaida ni 50, meriti huanzia 60, na distinksheni huanzia 70.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme ni binti aliyetoka Morogoro kusoma afya ya jamii katika chuo kimojawapo cha huko. Amemaliza kozi sita. Takwimu ilikuwa na krediti 30 na amepata 61. Epidemiolojia nayo krediti 30, amepata 68. Kozi nne zilizobaki zina krediti 15 kila moja: sera ya afya 72, uchumi wa afya 66, mbinu za utafiti 70, na afya ya mama na mtoto 74.

Anachofanya mtu wa haraka ni kujumlisha alama sita na kugawa kwa sita. Anapata 68.5 na anafurahi. Lakini anayenunua kilo mbili za nyama ya ng'ombe na nusu kilo ya kuku hapati bei ya wastani ya kilo kwa kujumlisha bei mbili na kugawa kwa mbili. Lazima aangalie kila kimoja amekinunua kwa wingi gani. Alama ni hivyo hivyo. Ile 61 ya takwimu imebebwa na krediti 30, kwa hiyo inavuta chini mara mbili ya jinsi 74 ya afya ya mama na mtoto inavyovuta juu.

Njia salama ni kuzidisha kila alama kwa krediti zake, kisha kujumlisha. Zao hilo tuliite pointi. Takwimu inampa 61 mara 30, yaani pointi 1,830. Epidemiolojia 2,040. Sera ya afya 1,080, uchumi wa afya 990, mbinu za utafiti 1,050, na afya ya mama na mtoto 1,110. Jumla ni pointi 8,100. Gawa kwa krediti 120 za kozi, unapata wastani wa kweli: 67.5. Alama moja nzima chini ya ule alioufurahia.

Huenda ukasema alama moja si kitu. Subiri.

Ili afike wastani wa 70 katika krediti zote 180, anahitaji pointi 70 mara 180, yaani 12,600. Ameshakusanya 8,100. Zimebaki 4,500, na zote lazima zitoke kwenye krediti 60 za tasnifu. Gawa 4,500 kwa 60, jibu ni 75. Angetumia ule wastani wa haraka wa 68.5, angejiambia kwamba 73 inatosha. Angepata 73 hiyo na kuanza kupiga simu nyumbani, halafu barua ya chuo ingekuja ikisema wastani wake ni 69.33.

Kwa mpangilio huu wa 120 na 60 kuna njia ya mkato ambayo unaweza kuifanya ukiwa ndani ya basi. Zidisha shabaha yako mara tatu, zidisha wastani wa kozi mara mbili, kisha toa cha pili kwenye cha kwanza. Mara tatu ya 70 ni 210. Mara mbili ya 67.5 ni 135. Tofauti ni 75. Ndani ya njia hiyo kuna jambo ambalo wengi hawalioni: kila alama moja unayopungukiwa kwenye wastani wa kozi, tasnifu inakudai mbili. Mwenye wastani wa kozi wa 69 anahitaji 72. Mwenye 67 anahitaji 76. Mwenye 65 anahitaji 80, na mwenye 63 anahitaji 84. Upande wa pili wa 70 deni hilo linageuka kuwa akiba, kwa kuwa mwenye 72 anatosheka na 66.

Anayependa kompyuta imfanyie kazi anaweza kuweka krediti kwenye safu ya B na alama kwenye safu ya C ya Excel, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 7. Fomula ya kwanza inatoa wastani wa kozi, ya pili inatoa alama ya tasnifu inayohitajika:

```
=SUMPRODUCT(B2:B7,C2:C7)/SUM(B2:B7)
=(70*180-SUMPRODUCT(B2:B7,C2:C7))/60
```

Badilisha hiyo 70 iwe 60 ukitaka kujua ya meriti. Na hapo kwenye meriti ndipo hesabu tupu inapoanza kusema mambo ya ajabu. Meriti kwa binti wetu inahitaji pointi 60 mara 180, yaani 10,800. Ukitoa 8,100 zinabaki 2,700, na ukigawa kwa 60 unapata 45. Kikokotoo kinamwambia kwamba akipata 45 kwenye tasnifu ana meriti. Lakini 45 iko chini ya alama ya kufaulu! Aliyefeli tasnifu hapewi shahada ya uzamili kabisa; vyuo vingi humpa nafasi moja ya kuirudia, na tasnifu iliyorudiwa kwa kawaida hufungiwa kwenye 50 hata ikiwa nzuri namna gani. Akishindwa tena hupewa stashahada ya uzamili kwa zile krediti 120 alizofaulu. Kwa hiyo chini ya kila jibu la hesabu kuna sakafu, na sakafu ya kwanza ni 50.

Vyuo vingine vina sakafu ya juu zaidi. Vinasema ili upewe meriti tasnifu yenyewe lazima iwe na 60 au zaidi, na ili upewe distinksheni tasnifu iwe na 70 au zaidi, hata kama wastani wa jumla umeshavuka. Katika chuo cha namna hiyo, mwenye wastani wa kozi wa 73 asidanganyike na hesabu inayompa 64. Anahitaji 70, basi.

Sasa tumchukue binti yule yule, na alama zake zile zile, tumpitishe katika vyuo vinne vyenye kanuni nne tofauti. Kanuni zote nne ni za aina zinazotumika huko.

Chuo cha kwanza hakina maneno mengi. Wastani wa krediti zote 180 uwe 70 kamili au zaidi, bila kukadiria. Hapo jibu ni lile tulilolipata, 75.

Chuo cha pili kinakadiria wastani wa mwisho hadi namba nzima iliyo karibu. Wastani wa 69.5 unasomwa 70. Pointi zinazohitajika zinashuka hadi 12,510, na ukitoa 8,100 na kugawa kwa 60 unapata 73.5. Kwa kuwa tasnifu husahihishwa kwa namba nzima, anahitaji 74, ambayo inampa wastani wa 69.67. Akipata 73 wastani ni 69.33, nao unasomwa 69. Kukadiria kumemwokolea alama moja, si zaidi. Lakini aangalie vizuri ni kitu gani kinachokadiriwa. Vipo vyuo vinavyokadiria alama ya kila kozi na kuuacha wastani wa mwisho na desimali zake, na hapo hana unafuu wowote.

Chuo cha tatu kina kanuni ya ukingoni, na hii ndiyo ambayo wanafunzi wengi hawaijui mpaka imeshawasaidia. Inasema hivi: mtu ambaye wastani wake umeangukia kati ya 68 na 69.99 atapandishwa kwenye distinksheni ikiwa angalau nusu ya krediti zake zote zina alama ya 70 au zaidi. Nusu ya 180 ni 90. Binti wetu ana kozi tatu zilizofika 70, yaani sera ya afya, mbinu za utafiti na afya ya mama na mtoto. Jumla ni krediti 45. Ukiongeza krediti 60 za tasnifu zinakuwa 105, lakini hilo litawezekana tu ikiwa tasnifu yenyewe imefika 70. Tuone. Akipata 70, pointi zake ni 8,100 na 4,200, jumla 12,300, na wastani ni 68.33. Yuko ukingoni, ana krediti 105 za kiwango cha juu, anapandishwa. Akipata 69, wastani wake ni 68 kamili, bado yuko ndani ya ukingo, lakini krediti zake za kiwango cha juu ni 45 tu. Hapandishwi. Kwa chuo hiki jibu ni 70, na ile alama kati ya 69 na 70 ina thamani kuliko zote nyingine kwenye karatasi yake.

Chuo cha nne hakichanganyi makundi mawili. Kinadai wastani wa kozi uwe 70 na tasnifu nayo iwe 70, kila kimoja peke yake. Wastani wa kozi wa binti wetu ni 67.5. Hata akiandika tasnifu ya kupewa 100, distinksheni haipo. Ilishaondoka tangu matokeo ya takwimu yalipotoka, na hakuna aliyemwambia. Iwapo chuo hicho kina ukingo wa kuanzia 68 kwa upande wa kozi, bado amepungukiwa nusu alama. Anachoweza kukipigania hapo ni meriti, na hiyo anaipata akiwa na 60.

Kwa hiyo alama zile zile zimetoa majibu manne: 75, 74, 70, na haiwezekani. Ndiyo maana mtu akiniuliza tasnifu yake inahitaji ngapi, kabla sijagusa namba yoyote namwomba anionyeshe kanuni za tathmini za programu yake. Zimo kwenye kitabu cha mwongozo wa programu, au kwenye kanuni za chuo za kozi za uzamili, sehemu inayoeleza jinsi daraja la mwisho linavyoamuliwa. Ni kurasa mbili tatu zilizoandikwa kwa lugha kavu. Tafuta namba 68 au 69 humo. Ukiikuta, kuna uwezekano mkubwa umefika kwenye kanuni ya ukingoni. Angalia pia kanuni hizo ni za mwaka gani, kwa sababu vyuo huzibadilisha, na kwa kawaida mwanafunzi huhukumiwa kwa zile za mwaka alioanza. Ushauri wa aliyehitimu miaka mitano iliyopita, hata akiwa kaka yako, usiuchukue bila kuhakikisha.

Hesabu yenyewe nayo ina mitego midogo miwili inayohusu krediti. Wa kwanza ni kozi isiyopewa alama. Programu nyingine zina mafunzo kwa vitendo ya krediti 15 ambayo husomeka umefaulu au umefeli, bila namba. Krediti hizo hazina pointi, kwa hiyo huondolewa pia kwenye kigawanyo: badala ya 180 unatumia 165. Wa pili ni tasnifu isiyo ya krediti 60. Shahada za uzamili zinazoegemea utafiti zinaweza kuwa na tasnifu ya krediti 90 au zaidi, na programu nyingine zina mradi wa krediti 40 au 45. Fomula ya pointi inafanya kazi popote, ila ile njia ya mkato ya mara tatu na mara mbili ni ya theluthi peke yake. Tasnifu ikiwa nusu ya shahada, krediti 90 kwa 90, unazidisha shabaha mara mbili na kutoa wastani wa kozi mara moja. Mwenye wastani wa kozi wa 67.5 angehitaji 72.5, si 75. Kadiri tasnifu inavyozidi kuwa nzito ndivyo inavyoweza kufukia mashimo ya nyuma, na ndivyo inavyoweza kuchimba mapya.

Chuo kisipotumia asilimia, mambo hayabadiliki. Chuo Kikuu cha Glasgow, kwa mfano, kina skeli ya pointi 22 badala ya 100. Huku kwetu Tanzania, ambako TCU nayo imeweka shahada ya uzamili kwenye krediti 180 na krediti moja kwa saa 10, vyuo vinatoa GPA. Weka pointi za daraja mahali pa alama na uendelee. Ila hakikisha kwanza kwamba tasnifu inaingia kwenye hiyo GPA. Ikiwa katika programu yako tasnifu hupewa tu hukumu ya kufaulu au kufeli, GPA yako imeshakamilika na swali hili halikuhusu.

Turudi kwa binti wetu, na tuseme yuko chuo cha kwanza, kile cha 75 kamili. Namba ameipata. Je, 75 ni alama ya namna gani?

Asiyezoea usahihishaji wa Kiingereza anaweza kudhani 75 ni alama ya katikati, kwa kuwa nyumbani alizoea kuona 85 na 90. Huko skeli inaandikwa 0 hadi 100, lakini tasnifu nyingi huangukia kati ya 50 na 75. Tasnifu iliyopangwa vizuri, isiyo na makosa makubwa, yenye mapitio kamili ya maandiko na uchambuzi unaoeleweka, huishia kwenye sitini na kitu. Kuvuka 70 kunahitaji mwandishi aonekane anapima ushahidi badala ya kuusimulia, na aseme jambo ambalo halikuwa limesemwa. Mwenye kuhitaji 80 na kuendelea anaomba kitu ambacho wasahihishaji wengi hukitoa kwa nadra sana. Kwa hiyo 75 inawezekana, lakini si alama ya kupatikana kwa bidii tu. Kama alikuwa anasita kati ya mada mbili, moja rahisi ya kuelezea maoni ya wagonjwa kwa ujumla, nyingine yenye takwimu za kituo kimoja cha afya ambazo hajawahi kuzichambua mtu, namba hiyo inampa sababu ya kuchagua ya pili. Angekuwa anahitaji 62, ningemwambia achukue iliyo salama na alale usiku.

Ndani ya zile krediti 60 pia kuna vipande. Programu nyingi hukata sehemu ya alama kwa ajili ya andiko la awali la utafiti, tuseme asilimia 10, na hilo husahihishwa mapema. Ikiwa binti wetu alipata 62 kwenye andiko hilo, ameshaweka mfukoni alama 6.2 kati ya 75. Zimebaki 68.8 za kutoka kwenye asilimia 90, na 68.8 ukigawa kwa 0.9 ni 76.44. Tasnifu yenyewe, kile kitabu, sasa kinahitaji 77. Alama chache za andiko ambalo wengi huliandika usiku mmoja zimemwongezea mbili juu ya kazi kubwa.

Kuna na adhabu ya kuchelewa. Vyuo vingi hukata alama 5 kwa kila siku, na siku huanza kuhesabiwa dakika moja baada ya muda wa mwisho, kwa saa za Uingereza. Hili la saa liwekee alama kama unaandikia Dar es Salaam, kwa sababu saa sita mchana ya London mwezi Septemba ni saa nane mchana ya Dar. Hapo una nafuu ya saa mbili. Aliyeko huko na kuchelewa hana nafuu yoyote. Tasnifu ya binti wetu ikipewa 77, wastani wake ni 70.67 na distinksheni anayo. Ikikatwa 5 kwa kuchelewa siku moja inakuwa 72, na wastani unakuwa 69 kamili. Mwaka mzima wa masomo umeamuliwa na intaneti iliyokwama jioni ya kukabidhi. Angalia pia kikomo cha maneno: kupitiliza nako kuna adhabu yake, na kila chuo kina namna yake ya kuhesabu majedwali na viambatisho.

Kinachofuata baada ya kukabidhi hakimo mikononi mwako. Tasnifu husomwa na wasahihishaji wawili, au msahihishaji mmoja na mwingine wa kuhakiki, kisha mtahini wa nje kutoka chuo kingine hupitia sampuli. Alama unazoziona kabla ya bodi ya watahini kukaa ni za muda. Bodi yenyewe hukaa mwishoni mwa mwaka, na kwa kawaida huona namba za wanafunzi, si majina. Kanuni ya ukingoni hutekelezwa na mfumo. Hakuna haja ya kuiomba, na barua ya kumsihi msimamizi akuongezee alama mbili haifanyi kazi. Hata rufaa ina mipaka yake. Katika Uingereza na Welisi huwezi kukata rufaa kwa sababu tu hukubaliani na maoni ya kitaaluma ya msahihishaji, na ofisi huru inayosikiliza malalamiko ya wanafunzi dhidi ya vyuo, OIA, nayo haiingilii maoni hayo. Inaangalia kama utaratibu ulifuatwa.

Kitu ambacho bodi hukisikiliza ni ugonjwa, msiba au dharura iliyoripotiwa kwa fomu na ushahidi. Kama lilikupata jambo la namna hiyo wakati wa tasnifu, omba kuongezewa muda kabla ya siku ya kukabidhi, na peleka cheti cha daktari au cha kifo hata kama unaona aibu kueleza mambo ya familia kwa wageni. Ukisubiri mpaka wastani wa 69.33 utoke ndipo uanze kueleza, swali la kwanza utakaloulizwa ni kwa nini hukusema mapema.